Siku ya Mwisho ni Jumanne

Kitu cha kwanza kilichomtisha Antipasi ni Melkiori kumkumbatia.

Melkiori hakuwa mtu wa kukumbatia watu, na Antipasi alikuwa wa mwisho kwenye orodha yake. Walikuwa wanagombea mpaka wa shamba, ugomvi waliourithi kwa baba zao kama watu wengine wanavyorithi ng'ombe. Melkiori alishatangaza kilabuni kwamba siku atakayomsalimia huyo karani wa posta, kuku wataota meno. Sasa alisimama katikati ya barabara ya Itigi, mikono ameitandaza, na lori la posta likasimama pua yake ikikaribia kumgusa kifua. Akazunguka mpaka upande wa abiria, akafungua mlango, akamvuta Antipasi chini akamkumbatia huku analia.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Mpaka ni wako. Chukua mpaka mti wa mkungugu. Chukua na mti."

Wiki nzima Antipasi alikuwa Singida mjini, ameitwa akasaidie kupanga mizigo ya Krismasi, na habari za nyumbani hakuwa nazo. Mtu hakupi shamba bure hivihivi. Akajua kuna aliyekufa, na akajua ni nani.

"Mama?" akauliza.

"Yupo. Anatwanga." Melkiori akapangusa kamasi. "Sote tunatwanga."

Akaondoka bila kusema zaidi. Mughwai, dereva, Mnyiramba wa Kinampanda ambaye kwake kila Mnyaturu alikuwa mtani wa kuchokoza, safari hii hakucheka. Akawasha gari polepole. Akasema yeye katika maisha yake ameona Mnyaturu akiachia mke, lakini kuachia mpaka hajaona.

Wakaendelea, na sasa Antipasi akaanza kutazama. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Ardhi ilikuwa nyekundu, laini, inanukia, na kwa kawaida wakati huo huwezi kupita barabara ile bila kuona migongo ya watu imeinama kila upande. Hapakuwa na mgongo hata mmoja. Majembe yalikuwa yameegeshwa kwenye kuta za tembe. Moshi ulikuwa unapanda kila nyumba mchana kweupe, na harufu ya nyama ilikuwa kila mahali, kama Krismasi imewahi kufika ikawakuta wao njiani. Lakini hakuna aliyekuwa anaimba. Watoto walikula mifupa kimya, wanawatazama wakubwa.

"Kuna msiba," akasema Mughwai.

"Msiba wa nani, kila nyumba?"

Mughwai akaongeza mwendo.

Posta ya Mlandasi ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa ubavuni mwa baraza la jumbe: dirisha moja la kuhudumia watu, mizani moja, mhuri mmoja, picha ya Malkia kijana ukutani, na karani mmoja ambaye ni Antipasi. Mlango ulikuwa umefungwa tangu aondoke, na mlangoni lilikuwa bado limebandikwa tangazo lake. Mbele ya tangazo watu walikuwa wamekaa chini. Walikuwa wengi kuliko aliowahi kuwaona pale, hata siku ya kodi. Aliposhuka, wakasimama wote kwa pamoja, wanaume wakavua kofia.

Antipasi akafurahi kidogo, Mungu amsamehe. Akadhani tangazo limefanya kazi.

Lile tangazo lilikuwa fahari yake. Barua ya wakubwa ilikuja kwa Kiingereza kirefu chenye mkia: vitu vya kwenda Ulaya kwa meli muda wake umeshapita, vya ndege viwahi mwanzoni mwa Desemba, barua na vifurushi vya ndani ya Tanganyika, Kenya na Uganda vipelekwe kabla ya tarehe kumi na nne, ili kwa kawaida viweze kufika kabla ya sikukuu, ingawa haiwezi kuahidiwa. Antipasi akajiuliza nani Mlandasi anatuma kitu Ulaya. Watu wake wana watoto kwenye mkonge, Kimamba na Tanga. Wanatuma asali, shuka, karanga. Akakata mkia. Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, na herufi alitaka kubwa, mtu asome akiwa mbali. Akaandika:

KRISMASI.
SIKU YA MWISHO NI JUMANNE TAREHE 14 DESEMBA.
WALIO MBALI WAKUMBUKWE MAPEMA.
ATAKAYECHELEWA ASILAUMU MTU.
KWA AMRI.

Neno posta hakuliweka. Mlango ni wa posta, aweke la nini? Kisha, ili wasiojua kusoma wasikose, akamwomba Jumbe Alute mpiga mbiu wake alitangaze mnadani, akapanda lori akaenda zake Singida, roho nyeupe.

Sasa aliyetoka mbele ya watu alikuwa Paskali, mwalimu wa dini. Padri alikuwa safarini vigango vya mbali, na Paskali ndiye aliyebaki na ufunguo wa kanisa. Alikuwa amekonda. Akaongea kwa sauti ya mtu aliye mbele ya hakimu.

"Bwana Posta. Tunaomba kujua saa."

"Saa nne asubuhi," akajibu Antipasi, anatafuta ufunguo mfukoni. "Saa nne nafunga mfuko na kuutia lakiri. Ukishafungwa haufunguliwi tena, hata uje na nani."

Mwanamke mmoja nyuma akaketi chini kama aliyekatwa magoti.

"Na watakaokuja baada ya hapo?" akauliza Paskali.

"Hatuwafukuzi. Watangoja nyingine. Lakini mimi siwaahidi kitu."

"Nyingine ipo?"

"Akijalia Mungu."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa msikitini akauliza, kwa adabu, kama watoto nao wataingia kwenye hesabu, maana hawajui kitu. Antipasi, ambaye kwa siku nyingi hakusikia neno lingine ila vifurushi, alisikia kama mzee anauliza juu ya vile vidogo. Akafungua dirisha, akagonga sahani ya mizani kwa kidole ikalia ngg.

"Mkubwa, mdogo, vyote vinapita hapa," akasema. "Hakuna kisichopimwa."

Ukasikika mlio ambao hakuwahi kuusikia kwa watu wazima, mlio mwembamba uliopita puani, kama wa mbuzi anayeona kisu. Kisha wakaondoka. Hawakukimbia, walikwenda haraka, wameinama, kila mtu njia yake. Antipasi akabaki na mizani ikitikisika. Hapo ndipo baridi ilipomwingia kwapani, bado hajui ni ya nini.

Alimkuta mama yake, Bi Dina, uani, mchi mkononi. Akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaambiwa aketi ale, mbuzi yule mweusi ameshachinjwa. Kinuni mlikuwa na uwele. Ulikuwa uwele mzuri, punje nzima, zimechaguliwa mojamoja. Antipasi akautazama, kisha akatazama juu ya jiko, mahali ambapo kibuyu cha mbegu kilikuwa kinaning'inia kwenye moshi tangu yeye ana akili. Palikuwa na kamba tu.

"Mama. Hiyo ni mbegu."

"Ilikuwa mbegu."

"Tutapanda nini?"

Mama akamtazama kwa huruma, kama mgonjwa anayeuliza habari za mavuno. Akamwambia si yeye mwenyewe aliyeandika? Mpiga mbiu amepita mnadani, amepita mpaka njia ya Sepuka, anapiga ngoma na kusema kwa amri ya serikali: Siku ya Mwisho ni Jumanne, walio mbali wakumbukwe, atakayechelewa asilaumu mtu. Wakristo wakasema ndiyo hiyo. Waislamu wakasema ndiyo hiyohiyo, Kiyama ni kimoja. Shehe akajaribu kusema hakuna anayeijua siku, akajibiwa kwamba serikali imejua idadi ya mbuzi wa kila mtu bila kuambiwa, itashindwaje na siku, naye akasalimu amri. Na kwa kuwa siku ya Jumanne hakuna atakayekuwepo, mbegu ya nini? Kila nyumba inatwanga. Heri wende umeshiba.

"Nilikuwa nakungoja wewe tu," akasema mama. "Nilisema, hata kama ni karani wao, hawatamnyima ruhusa aje afe kwao."

Antipasi aliona wazi, kama mtu anavyoona shimo wakati mguu umeshatoka: mvua ipo, ardhi iko tayari, na nchi nzima inakula mbegu. Jumatano watu wangeamka. Wangeamka wakiwa hai, na vibuyu vitupu. Na mwaka ujao, mwezi wa tatu, mwezi wa nne, wangeanza kufa kweli, watoto kwanza. Naye ndiye aliyewaandikia.

Akatoka mbio mpaka posta akalichana tangazo.

Lilikuwa kosa. Waliomwona walisema karatasi imeondolewa, maana yake mlango umeshafungwa, na jioni ile watu wawili walikutwa wanagombania kisu cha kuchinjia. Antipasi akaandika jingine, kwa haraka: HAKUNA SIKU YA MWISHO. Akalibandika na misumari minne. Kabla wino haujakauka, Paskali na shehe, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya mwezi, walikuwa wamesimama pamoja mlangoni wakisema karani amekana Mungu. Jiwe la kwanza lilipiga bati. La pili lilipita dirishani likaivunja kioo picha ya Malkia. Antipasi alikuwa sakafuni nyuma ya mizani, mikono kichwani.

Aliyewatawanya ni Jumbe Alute. Akaingia na askari wake mmoja, akafunga mlango kwa ndani, akaketi juu ya mfuko wa barua. Alikuwa mtu mnene, mwenye kanzu safi, na kanzu ilikuwa imelowa jasho. Alisema mengi, lakini kwa ufupi ni hivi: Bwana Diisii, mkuu wa wilaya, anapita barabara hii baada ya sikukuu kutazama mashamba. Akikuta hayajapandwa atauliza. Mpiga mbiu ni wa jumbe, ni kweli, lakini maneno ni ya karani, na chini yameandikwa kwa amri. Jumbe hakutoa amri. Nani alitoa?

"Ni namna ya kuandika tu, Jumbe," akasema Antipasi.

"Basi utamweleza yeye hiyo namna. Mimi nitakushikia kofia wakati wanakufunga." Kisha akasema kwa sauti ndogo, si ya jumbe tena: "Antipasi. Sio kweli, eti?"

"Sio kweli."

"Wangu wameshatwanga nusu," akasema Alute, akafuta uso kwa mkono wa kanzu.

Jumatatu Antipasi alizunguka nyumba hadi nyumba. Alieleza. Alisema ni siku ya mwisho ya kuleta mizigo. Wakamuuliza kwa nini basi mizigo iwe na mwisho, kama dunia haina. Alisema ni ili ifike kabla ya Krismasi. Wakauliza, itafika? Na kila alipofika hapo, ulimi wa posta ulimponza. Alisema inatarajiwa. Alisema kwa kawaida. Alisema hawezi kuahidi. Wakatikisa vichwa: unaona, hata yeye hajui kama Krismasi itakuwepo.

Mwisho akafika kwa Raheli.

Raheli alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Lazaro, alikuwa Kimamba anakata mkonge. Mtungi wake wa mbegu ulikuwa bado mzima, umefunikwa, uko katikati ya chumba, na yeye ameketi mbele yake kama mtu anayelinda maiti. Pembeni kulikuwa na kifurushi kimeshonwa kwa kitambaa cha unga, kizuri, mshono wa karibukaribu, jina la Lazaro limeandikwa kwa mkaa.

Watu walikuwa wameanza kuja kumtazama Raheli, Antipasi akaambiwa. Mtungi wake ulikuwa mkubwa kuliko yote, na alikuwa mtu wa kuaminiwa. Akitwanga yeye, hata waliokuwa wanasita watatwanga. Wengine walikuwa wamesimama mlangoni sasa hivi. Melkiori alikuwa mmoja wao.

"Mwanangu, mimi sijui kusoma," akasema Raheli. "Nijibu kitu kimoja. Nikikupa hiki kifurushi kesho, kitamfikia Lazaro kabla ya Krismasi?"

"Mama, natumaini."

"Sikuulizi unatumaini nini. Niapie. Ukiniapia kwamba Lazaro atakipata, nitajua Krismasi ipo, na mbegu yangu nitaipanda. Usipoapa nitawasha moto."

Antipasi akasikia kuku wakichakura nje. Neno lilikuwa limeshafika menoni. Ndiyo, mama, naapa. Maneno matatu, na mtungi ungepona, na nyuma yake vibuyu vyote vilivyobaki Mlandasi. Angekuwa mtu mbaya kiasi gani?

Lakini Mughwai alikuwa amemwambia asubuhi ile, bila utani, kwamba mbuga ya njia ya Itigi imeanza kujaa maji. Lori lilipita, maji yakiwa kwenye sahani za magurudumu. Mvua moja nyingine na lisingepita. Na gari likikwama, treni ya Itigi haingoji mtu.

"Nikiapa," akasema polepole, "halafu mvua izuie gari. Lazaro akuandikie kwamba hakupata kitu. Utasema nini?"

"Nitasema ulikuwa unanidanganya, na dunia imekwisha kweli, ila hatujaambiwa."

"Basi sikuapii."

Raheli akainuka. Hakumfokea. Akaenda kwenye mafiga, akapiga magoti, akaanza kupuliza majivu. Melkiori mlangoni akasema taratibu, kama anayemwonea aibu, kwamba hata kwa kumtuliza mwanamke mzee karani ameshindwa. Antipasi akatoka nje akaenda zake.

Usiku hakulala, ila hilo si la kusimulia. Asubuhi ya Jumanne ilikuja na wingu. Lilikuwa limesimama upande wa mashariki, jeusi, limeinama chini, na ngurumo ndani yake ilikuwa inazunguka bila kutoka. Watu walikuja posta kabla ya jua. Walikuja wameoga, wamevaa nguo za sikukuu, wanawake wamebeba watoto hata wanaojua kutembea. Hapakuwa na nyumba iliyobaki na mtu. Walikaa chini wakatazama dirisha, wengine wanatazama mizani, na mtu akikohoa wote walishtuka.

Lori la Mughwai lilikuwa pembeni, limewashwa. Mughwai alimfuata Antipasi akamwambia kwa kunong'ona kwamba kama angekuwa yeye, angejitia kwenye mfuko na kuandika Mombasa.

Antipasi alikuwa na jembe mkononi. Alikuwa amelichukua nyumbani bila kujua vizuri ni la nini. Usiku alifikiri tu kwamba kama watamwua, afadhali wamkute ameshika kitu anachokijua. Lakini alipoona ile ardhi mbele ya posta, ile nafasi ndogo kati ya mlango na barabara ambako watu hukanyaga wakingoja, nyekundu, laini, imelowa, mikono yake ikaelewa kabla ya kichwa. Akainama akachimba shimo. Akachimba la pili. Watu wakamtazama mtu anayelima Siku ya Mwisho.

Akamgeukia mama yake, aliyekaa mstari wa mbele.

"Mama, nipe mbegu."

"Zimeisha, mwanangu, unajua."

"Hata chache."

Bi Dina akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha, kwa aibu kubwa, kama anavua nguo, akafungua fundo la ncha ya kanga yake. Zilikuwa punje za kujaa kiganja.

"Nilibakiza kidogo," akasema. "Nilisema, maana ni mambo ya serikali, huenda yakachelewa."

Hakuna aliyecheka. Lakini Antipasi aliona mama mmoja nyuma akigusa fundo la kanga yake mwenyewe, haraka, kisha mwingine.

Akadondosha punje kwenye shimo, akafukia kwa mguu. Kisha akamgeukia mwalimu wa dini.

"Mzee Paskali, ukipanda leo, unaahidi utavuna?"

Paskali akasema mavuno ni ya Mungu.

"Na ukipanda mwezi ujao?"

"Nitakuwa nimechelewa."

"Utakatazwa kupanda?"

"Hapana. Ila nitakuwa nimejitakia."

"Basi hayo ndiyo niliyoandika, nikayaandika vibaya," akasema Antipasi. "Mzigo ni mbegu. Leo ni siku ya kuwahi. Ukinipa leo kabla ya saa nne, umepanda na mvua ya kwanza. Una tumaini zuri la kufika kabla ya Krismasi. Siapi, kwa sababu mbuga sikuiumba mimi. Ukinipa kesho naupokea, na keshokutwa naupokea, ila usishangae ukifika sikukuu imepita. Dunia sina habari nayo. Hiyo haipiti posta."

Ngurumo ikatoka. Ilitoka yote kwa pamoja, juu ya vichwa vyao, na watu wakalala chini, mama akamlalia mtoto, Jumbe Alute na kanzu yake kwenye tope. Antipasi naye alianguka. Alilala uso umegusa lile shimo, akafumba macho, na kwa muda mrefu wa kutisha aliamini. Aliamini kwamba wao ndio waliosoma sawa, na yeye aliyeandika ndiye hakuelewa.

Kisha mvua ikaanza, matone makubwa, ya kawaida, baridi shingoni.

Alipoinua kichwa aliona miguu. Raheli alikuwa amesimama mbele yake, mtungi kichwani, kifurushi kwapani. Mtungi ulikuwa umejaa mpaka mdomoni. Moto wake jana ulikataa kuwaka, akasema baadaye. Wengine walisema alipuliza majivu usiku kucha bila kutia kuni.

"Hukuniapia," akasema.

"Sikukuapia, mama."

"Shehe ameniapia kwamba ndiyo leo. Paskali ameniapia. Mpiga mbiu ameniapia kwa ngoma. Wewe peke yako ndiye umekataa." Akamwekea kifurushi mikononi. "Pima."

Akashusha mtungi, akachota, akainama kwenye mstari wa Antipasi. Akachimba shimo kwa kidole.

Hawakuinuka wote. Wengine walibaki wamelala mpaka saa nne ilipopita, na Antipasi alipofunga mfuko na kuyeyusha lakiri, nta nyekundu ikamwagikia kidoleni. Lori likaondoka. Kila mtu akasikiliza mlio wake mpaka ukaisha, kisha wakasikiliza ule ukimya uliofuata, wakingoja uwe na kitu ndani. Jioni ikaja. Usiku ukaja. Jumatano kuku wakawika, hawana meno, na Melkiori akaja asubuhi na mapema kusema kwamba lile neno la mpaka lilisemwa katika hali ya ugonjwa.

Mbegu hazikutosha. Mtungi wa Raheli uligawanywa kwa vikombe, na kutoka kwenye mafundo ya kanga, chini ya vitanda, ndani ya mito, zilitoka nyingine ambazo kila mtu aliona aibu kuzionyesha. Mashamba ya mwaka ule yalikuwa na mapengo kama mdomo wa mzee, na Antipasi alipoyapita alitazama chini.

Mughwai alirudi Ijumaa, lori limekuwa la udongo. Alikuwa amelala mbugani siku moja, akavutwa na ng'ombe, akafika Itigi. Mfuko ameutia kwenye treni kwa mikono yake. Kama ni treni ya kuwahi au ya kuchelewa, akasema, waulizwe Wagogo, wamekaa karibu na reli.

Raheli alikuja dirishani.

"Kitafika?"

"Natumaini, mama."

Akageuka akatazama mbele ya posta. Ule mstari ulikuwa umechomoza, majani membamba kama sindano za kushonea vifurushi.

"Na mimi," akasema, akaenda zake.

Antipasi akafunga dirisha. Alikuwa na tangazo jingine la kuandika. Barua ya wakubwa ilikuwa mezani. Ilisema posta zitafungwa mwisho wa mwaka kwa ajili ya hesabu. Akachovya kalamu, akaandika herufi kubwa, nzuri: MWISHO WA. Akasimamisha mkono. Akaichukua karatasi, akaichana vipande vidogo, akavitia mfukoni, akatoka nje kumtafuta mama yake, amsomee kwanza tangazo kwa mdomo, aone atalielewaje.